Kivumishi au kielezi baada ya kitenzi cha Kiingereza: mwongozo wa “good” na “well”, “hard” na “hardly”

Mwanafunzi wa Unguja au Pemba anapoandika “The pilau smells nicely”, kosa lake halitokani na uzembe. Yeye husema kila siku kwamba pilau inanukia vizuri, na neno “vizuri” katika Kiswahili ni kielezi, kwa hivyo anachagua kielezi cha Kiingereza na anaamini kwamba ameifuata kanuni. Kosa la namna hii haliondoki kwa kukariri orodha ya maneno. Huondoka pale mwandishi anapojua ni wapi Kiswahili chake kinamwongoza sawasawa na ni wapi kinampoteza, na hilo ndilo ninalokusudia kulieleza hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: uliza neno linamweleza nani au linaeleza nini

Kabla ya kuchagua baina ya “good” na “well”, au baina ya “slow” na “slowly”, jiulize kama neno hilo linaeleza mtu au kitu, ama linaeleza namna tendo lilivyofanyika. Likieleza mtu au kitu, linahitajika kivumishi. Likieleza tendo, linahitajika kielezi. Katika “The dhow is slow” aliyeelezwa ni jahazi, na katika “The dhow moved slowly” kilichoelezwa ni mwendo wake. Hapa hapana ugumu, na Kiswahili kinakubaliana kabisa na Kiingereza.

Ugumu unaanza kwa sababu Kiingereza kina vitenzi vinavyofanya kazi mbili. Kitenzi “look” pengine huwa ni tendo, yaani kutazama kwa macho, na pengine huwa ni kishirikishi tu, yaani kiungo kinachomfungamanisha mtu na sifa yake, kama linavyofanya neno “ni” katika Kiswahili. Vivyo hivyo kwa “smell”, “taste”, “feel” na “sound”, ambavyo ni vitenzi vya milango ya fahamu, na vilevile kwa “turn”, “get”, “grow” na “go” vinapokuwa na maana ya kugeuka kuwa hali fulani. Kitenzi kimoja, kwa tahajia moja, kinaweza kudai kivumishi katika sentensi hii na kielezi katika sentensi inayofuata, kwa hivyo hapana faida kukariri kwamba “smell” siku zote hufuatwa na kivumishi.

Hatua ya pili: ondoa kitenzi, weka “is” au “was”

Jaribio lililo rahisi kuliko yote ni kukiondoa kitenzi chenye shaka na kuweka “is”, “are”, “was” au “were” mahali pake. Ikiwa sentensi imebaki na akili na maana yake haikwenda mbali, basi kitenzi kile kilikuwa kishirikishi na kinachofuata kiwe kivumishi. Ikiwa sentensi imeharibika, kitenzi kile kilikuwa cha tendo na kinachofuata kiwe kielezi.

Chukua mpishi wa urojo na sufuria yake. “The urojo tastes good” ukiigeuza inakuwa “The urojo is good”, na maana imesimama, kwa hivyo “good” iko mahali pake. Sasa chukua “The cook tasted the urojo carefully”. Ukiweka “was”, utapata kwamba mpishi alikuwa urojo, jambo lisilowezekana; basi “tasted” hapa ni tendo la kuonja, na “carefully” ndiyo inayoeleza namna alivyoonja. Fanya hivyo hivyo kwa “The child looked sad” na “The child looked sadly at the broken toy”. Sentensi ya kwanza inasema mtoto alionekana mwenye huzuni. Ya pili inasema aliitazama mwanasesere yake iliyovunjika, na huzuni imo katika kule kutazama.

Jaribio hili lina mpaka mmoja ambao haufai kupitwa. Zipo sentensi ambazo kitenzi chake ni cha tendo hasa, lakini kivumishi kinafuata kwa sababu kinaeleza hali ambayo tendo limekitia kitu kinachotendwa. “She made the coffee strong” ni sahihi, ijapokuwa “made” ni tendo. Hapa usijaribu “is” kwa mtendaji. Ijaribu kwa kahawa. “The coffee is strong” ni maneno yenye akili, kwa hivyo kivumishi kinastahiki. Ukitaka kueleza kwamba aliitengeneza pole pole, basi utasema “She made the coffee slowly”, kwa sababu kahawa yenyewe haikuwa pole pole.

Hatua ya tatu: pima kwa Kiswahili, ukijua mahali kipimo kinapodanganya

Kiswahili kinampa mwandishi msaada ambao Mwingereza hana, nao ni upatanisho wa ngeli. Kivumishi chetu hufuata nomino yake: mtu mzuri, nyumba nzuri, kisiwa kizuri. Kielezi hakifuati nomino, bali hubaki “vizuri” au “vibaya” kwa wote. Kwa hivyo, mtu aliyezaliwa na lugha hii tayari hutofautisha kwa ulimi wake baina ya “Kisiwa kinaonekana kizuri” na “Kisiwa kinaonekana vizuri”. Mtu aliyesimama Forodhani, hali ya hewa ikiwa safi, anaweza kusema zote mbili juu ya kisiwa cha Changuu. Ya kwanza inasifu uzuri wa kisiwa, na Kiingereza chake ni “The island looks beautiful”. Ya pili inasema kwamba hakuna ukungu, macho yanakifikia bila ya tabu, na Kiingereza chake ni “The island can be seen clearly”. Anayeifasiri sentensi ya pili kuwa “The island looks well” amepotea mara mbili, kwa sababu “look” hapo haina maana ya kuonekana kwa macho, na “well” baada ya “look” huzungumzia afya.

Mtego wa kwanza wa kipimo hiki umo katika ngeli ya KI-VI. Ukisema “Visiwa vinaonekana vizuri”, hakuna awezaye kujua kwa neno lenyewe tu kama “vizuri” ni kivumishi kilichopatana na visiwa au ni kielezi. Mwanafunzi anayepima kwa sentensi hiyo hapati jibu. Dawa yake ni kuirudisha nomino katika umoja kabla ya kupima: sema “kisiwa”, sema “kiatu”, sema “chakula”, kisha usikilize kama ulimi wako unataka “kizuri” au “vizuri”.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao umo katika vile vitenzi vya milango ya fahamu. Kiswahili husema “chakula kinanukia vizuri”, “najisikia vibaya”, “sauti yako inasikika vizuri”, na katika zote hizi hutumia kielezi, kwa sababu kwetu sisi kunukia ni jambo ambalo chakula kinalifanya. Kiingereza hukiona kitenzi hicho kuwa kiungo tu kati ya chakula na sifa yake, kwa hivyo kinadai kivumishi: “The food smells good”, “I feel bad”. Kwa vitenzi hivi vitano, “look”, “sound”, “smell”, “taste” na “feel”, usipime kwa Kiswahili hata kidogo. Rudi katika jaribio la “is”. Kwa vitenzi vingine vingi, kipimo cha Kiswahili kinatosha.

Ongeza hapo jambo la simu, kwa kuwa hutokea kila siku baina ya waongoza watalii na wageni wao. Mtu akiambiwa kwa Kiswahili “unasikika vizuri”, maana yake ni kwamba maneno yake yanafika. Kwa Kiingereza hilo ni “I can hear you well” au “I can hear you clearly”. Ukimwambia mgeni “You sound good”, ataelewa kwamba unaisifu sauti yake au hali yake.

Hatua ya nne: “good” na “well”

“Good” ni kivumishi. “Well” ni kielezi cha “good”, kwa hivyo mwenye kuimba kwa ustadi “sings well”, na mwenye kukijua Kiingereza “speaks English well”. Katika mazungumzo ya mitaani, hasa ya Wamarekani, utasikia watu wakisema “He plays good”, na mwandishi wa insha au barua ya kazi asiifuate desturi hiyo, kwa sababu msahihishaji ataihesabu kuwa ni kosa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba “well” ina kazi ya pili. Mbali na kuwa kielezi, ni kivumishi pia chenye maana ya kuwa na afya, yaani mzima. Ndiyo sababu “I am well” ni sahihi ijapokuwa “am” ni kishirikishi: hapo “well” haisemi namna ya kutenda, inasema kwamba mimi ni mzima. Kutokana na hilo zinapatikana jozi ambazo sentensi zake zote mbili ni sahihi lakini hazina maana moja. “She looks good” inasema amependeza, pengine kwa nguo aliyovaa siku ya Idi. “She looks well” inasema anaonekana mzima, na husemwa kwa furaha juu ya mtu aliyetoka kuugua. “I feel good” ni kuwa na raha moyoni, na “I feel well” ni kutokuwa na maradhi. Mtu anayemjibu daktari atumie “well”, na kwa kukanusha aseme “I don’t feel well”.

Upande wa ubaya, mambo hayakulingana sawasawa. “Bad” ni kivumishi na “badly” ni kielezi, wala “badly” haina maana ya ugonjwa katika maandishi ya uangalifu. Kwa hivyo aliyeugua au aliyejuta “feels bad”. Sentensi “I feel badly” husemwa na wazungumzaji wengi wa Kiingereza wenyewe, lakini katika maandishi rasmi ni salama zaidi kuiepuka.

Jozi hizi zinapoingia katika kulinganisha, tofauti yote inafichika, kwa kuwa “good” na “well” zote mbili hugeuka kuwa “better” na “best”. “This mango is better” na “She swims better” zina neno lile lile, moja likiwa kivumishi na jingine kielezi. Mwandishi asidhani kwamba amekosea kwa kuliona neno moja mahali pawili.

Hatua ya tano: “hard” na “hardly”

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu kosa la mahali hapa haliishii kwenye sarufi. Linageuza habari yenyewe. Mwanafunzi amezoeshwa skuli kwamba kielezi cha Kiingereza hupatikana kwa kuongeza “-ly” mwishoni mwa kivumishi: “quick” ikazaa “quickly”, “careful” ikazaa “carefully”. Kwa kuifuata kanuni hiyo, “hard” inamzalia “hardly”, naye anaandika katika barua ya kuomba kazi ya hoteli kwamba yeye “works hardly”. Anakusudia kusema kwamba anafanya kazi kwa bidii. Meneja anayesoma anaona sentensi isiyo ya kawaida, na maana anayoweza kuipata hapo ni kwamba mwombaji hafanyi kazi ila kidogo sana.

Sababu ya jambo hili imo katika historia ya Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale vielezi vingi viliundwa kwa kuongeza “-e” tu mwishoni, na “heard”, iliyo asili ya “hard”, ilikuwa na kielezi chake “hearde”. Baadaye irabu hiyo ya mwisho ilinyamaza na kutoweka, kielezi kikabaki na umbo lile lile la kivumishi. “Hardly” nayo ilikuwapo ikiwa na maana za nguvu na ukali, lakini hatimaye ikaiacha maana hiyo na kubakia na maana ya “kwa shida tu” au “karibu na hapana”. Kwa hivyo Kiingereza cha leo kina “hard” moja kwa kivumishi na kielezi, na “hardly” imeshakuwa neno la mambo mengine.

Ili usichanganye, tumia Kiswahili, kwani hapa kinasaidia vizuri. Ukitaka kusema “kwa bidii”, “kwa nguvu” au, kwa mvua, “kubwa”, tumia “hard”: “She studied hard”, “He pushed the door hard”, “It rained hard during masika”. Ukitaka kusema “kwa shida tu”, “ni nadra” au “karibu hakuna”, tumia “hardly”: “I can hardly hear you” ni kwamba nakusikia kwa shida, na “It hardly rained during vuli” ni kwamba mvua ya vuli haikunyesha ila matone. Mkulima anayesoma sentensi mbili hizo za mvua anaelewa mara moja kwamba moja ni habari ya mafuriko na nyingine ni habari ya ukame.

Tazama pia mahali neno linapokaa. “Hard” kwa kawaida hukaa baada ya kitenzi, au baada ya kile kinachotendwa. “Hardly” hukaa kabla ya kitenzi kikuu, na kikiwapo kitenzi kisaidizi hukaa baina ya viwili hivyo. Ukijikuta umeweka “hardly” mwishoni mwa sentensi, simama hapo uisome upya, kwa sababu aghalabu ulikuwa unataka “hard”.

“Hardly” tayari imebeba ukanushi ndani yake, lakini Kiswahili hukanusha kwa kitenzi: “hakula ila kidogo”, “hawakuja ila watu wachache”. Mwandishi anayefikiri kwa sentensi hizo huongeza “didn’t” na kuandika “He didn’t hardly eat”, akakanusha mara mbili. Iliyo sahihi ni “He hardly ate” na “Hardly anybody came”. Na pale unapokusudia kwamba jambo lilifanyika kwa ugumu lakini likafanyika kikamilifu, kama kupanda mnazi mrefu wakati wa upepo, usitumie neno lolote kati ya haya mawili. Sema “with difficulty”.

Jozi nyingine za namna hii ni chache. “Late” ni kuchelewa na “lately” ni siku za karibuni. “Near” ni karibu kwa mahali na “nearly” ni kukaribia kutokea. “High” ni juu na “highly” ni kwa kiwango kikubwa. “Fast” haina “-ly” kabisa. Nayo “friendly” imeishia na “-ly” lakini ni kivumishi, kwa hivyo mwongoza watalii “is friendly”, na huzungumza “in a friendly way”.

Hatua ya sita: kuisahihisha aya nzima

Chukua aya hii, iliyoandikwa kwa namna ambayo mwanafunzi wa sekondari wa Pemba anaweza kuiandika juu ya karafuu:

“My aunt works hardly in the clove season. Every morning she looks careful at the sky. She spreads the cloves thin on the mat, and they turn brown quickly. When they are dry, they smell sweetly and feel hardly. If they get wet, they go badly. Yesterday she had a fever and didn’t feel good. She didn’t hardly eat, but in the evening she was feeling well enough to work.”

Katika sentensi ya kwanza anakusudia bidii ya shangazi yake, basi iwe “works hard”. Katika ya pili, jaribu “is”: “she is careful at the sky” haina maana, na kule kutazama mawingu ni tendo, basi iwe “looks carefully”. Sentensi ya tatu haina kosa. “Thin” inaeleza namna karafuu zilivyokaa juu ya jamvi baada ya kutandazwa, na “thinly” nayo ingekubalika, ikieleza namna ya kutandaza. Ndani yake vilevile kitenzi “turn” kimefuatwa na maneno mawili ya aina mbalimbali, na yote mawili yako sawa: karafuu ndizo zilizokuwa “brown”, na kugeuka kwenyewe ndiko kulikokuwa “quickly”. Sentensi hii inafaa kurudiwa mara nyingi, kwa sababu inaonesha kwamba swali halisi ni neno linaeleza nini, wala si kitenzi kipi kimetangulia.

Katika sentensi ya nne, “they are sweet” na “they are hard” zote zinasimama, kwa hivyo iwe “they smell sweet and feel hard”. Hapa “hard” ni kivumishi, yaani karafuu iliyokauka hadi ikawa ngumu mkononi, ilhali katika sentensi ya kwanza ilikuwa kielezi. Umbo ni moja na kazi ni mbili. Katika ya tano, karafuu zilizoroa zinaharibika, na “go” ina maana ya kuwa, basi iwe “they go bad”.

“Didn’t feel good” katika sentensi ya sita si kosa la sarufi, na mwalimu asiikate kwa wino mwekundu. Lakini aliyekuwa na homa anazungumzia afya, kwa hivyo “didn’t feel well” inaeleza kwa usahihi zaidi. “Didn’t hardly eat” iwe “hardly ate”. Na “feeling well enough” mwishoni ibaki kama ilivyo, kwa kuwa “well” hapo ni kivumishi cha uzima.

Aya iliyosahihishwa inasomeka hivi:

“My aunt works hard in the clove season. Every morning she looks carefully at the sky. She spreads the cloves thin on the mat, and they turn brown quickly. When they are dry, they smell sweet and feel hard. If they get wet, they go bad. Yesterday she had a fever and didn’t feel well. She hardly ate, but in the evening she was feeling well enough to work.”